Bi huyu katoka wapi?

Jumanne asubuhi Maalim alinirudishia kurasa kumi na mbili za ule utenzi ninaounakili kutoka daftari la babu, na chini ya ubeti mmoja alikuwa ameweka mstari wa penseli. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu: "Mwanangu, Bi huyu katoka wapi?" Nikamwambia yumo pambizoni, ukurasa wa 14. Akasema, "Kamtazame tena." Basi. Wiki hii dada amejifungua salama na ofisini tumehamishiwa jengo jipya, lakini kila nikilala namsikia Maalim akiuliza Bi huyu katoka wapi.

Nilikuwa nimeandika: *akanena Bi mamaye*. Mizani nane, kama inavyotakiwa katika kipande cha utenzi. Daftari lenyewe linasema: *akanena na mamaye*. Hizo nazo ni mizani nane, ndiyo maana kuhesabu hakukuniokoa. Kituo cha ubeti hakikuguswa, na vina vya katikati vimekaa sawa. Kosa lilitokea kabla sijaanza kuandika, pale nilipoigeuza picha ya ukurasa ule.

Wasomaji wangu wa zamani wanalijua daftari: hati ya Kiarabu, Kiswahili, wino mweusi. Mwandishi aliporuka ubeti alitia alama ndogo ndani ya mstari, kisha akauandika ubeti ule pambizoni kwa upande, akimalizia na neno صح, maana yake "sahihi", yaani haya ni sehemu ya matini wala si maelezo ya msomaji wa baadaye. Ili aandike kwa upande aliligeuza daftari, na hakuligeuza upande mmoja siku zote. Ukurasa wa 14 una maandishi mawili ya pambizoni: la juu vichwa vya herufi vinatazama kulia, la chini vinatazama kushoto. Mimi nilikuwa nimetoka kusoma la juu.

Sasa angalieni kijino kimoja cha herufi. Katikati ya neno, au mwanzoni mwake, be na nuni ni kijino kilekile. Kinachozitenganisha ni nukta: ikiwa juu ni nuni, ikiwa chini ni be. Irabu nazo ni hivyo hivyo. Fataha ni kistari cha mshazari juu ya herufi, kasra ni kistari cha namna hiyo hiyo chini yake. Kwa hiyo kijino chenye nukta na kistari juu ni *na*. Kigeuze kichwa chini, nukta na kistari vyote viwili vinakuwa chini, na unasoma *bi*. Hakuna kilichopotea wala kuongezeka. Neno kamili lingenikatalia, kwa sababu alifu na lamu zingening'inia na mimu ingeunganika mahali pasipo pake. Lakini pale wadudu wamekula karatasi pande zote mbili za kijino, nami nilikikata peke yake ili nikikuze, nikakizungusha kama nilivyozungusha maandishi ya juu.

Kwa hati za Kilatini watu huzoea kanuni ya mwelekeo wa mwendo. Migongo ya vitabu vya Kiingereza husomwa kutoka juu kushuka, na ya Kifaransa mingi kutoka chini kupanda. Kwa hiyo picha ya rafu ya vitabu vya Kiingereza unaizungusha kinyume cha mshale wa saa, na ya Kifaransa kwa kufuata mshale wa saa. Kanuni hiyo ukiichukua kwenye hati ya Kiarabu inakupoteza, kwa sababu mstari unaanzia kulia. Maandishi ambayo vichwa vya herufi vinatazama kushoto, kwa Kilatini hupanda, kwa Kiarabu hushuka. Kwa hiyo usiulize maneno yanaelekea wapi. Uliza vichwa vya herufi vinatazama wapi. Vikitazama kushoto, zungusha kwa kufuata mshale wa saa, vikitazama kulia, kinyume chake, hati iwe yoyote. Vichwa utavitambua kwa alifu na lamu, si kwa nukta.

(Na kwenye kabati la babu msitafute majina mgongoni mwa vile vitabu vya zamani. Vilikuwa vinalazwa, si kusimamishwa, hivyo jina limeandikwa kwa wino kwenye ukingo wa chini wa kurasa. Ukipiga picha ya migongo peke yake utadhani havina majina.)

Usiku wa Jumanne nilirudi kwenye picha ya mwanzo. Jambo la kwanza ni kuhakikisha picha yenyewe imesimama. Simu hujua juu na chini kwa kuhisi mvuto wa dunia, na ukiielekeza chini moja kwa moja juu ya daftari haina namna ya kujua, hivyo mara nyingine huandika alama ya mwelekeo isiyo sahihi ndani ya faili. Programu moja huifuata alama hiyo, nyingine huipuuza, na picha ileile inaonekana imesimama hapa na imelala kule. Kwa hiyo naimaliza alama kwanza, natazama kama matini kuu imesimama, ndipo nakata na kuzungusha kwa programu ya ImageMagick:

```
magick uk14.jpg -auto-orient uk14-wima.png
magick uk14-wima.png -crop 820x1900+0+1800 +repage -rotate 90 uk14-pambizo.png
```

Namba ya 90 ni kwa kufuata mshale wa saa, na -90 ni kinyume. Faili ya mwanzo haiguswi. Pambizo lenyewe lina upana wa pikseli kama 600 hivi, lakini nimekata 820 kwa makusudi, ili maneno mawili matatu ya matini kuu yaingie ndani ya kipande. Baada ya kuzungusha, maneno hayo lazima yaonekane yamelala. Yanakuwa shahidi: yananionyesha nimegeuza upande gani na kwa kiasi gani. Kile kijino nilichokikata peke yake hakikuwa na shahidi.

Katika kipande kipya mambo yalijieleza. Lamu ya ubeti ule imesimama wima, صح iko mwisho wa mstari upande wa kushoto, na kijino chetu kina nukta na kistari juu yake. *Na mamaye.* Alizungumza na mama yake. Hakuna Bi.

Ndani ya unakili sasa naandika kwenye mabano kila mara: [pambizo la kushoto, chini, vichwa vya herufi kushoto, limezungushwa 90]. Atakayekuja baada yangu ataweza kunikosoa bila kunitafuta. Na palipoliwa na wadudu naacha [...] pande zote mbili za herufi iliyobaki, ili ijulikane imesomwa peke yake. Sikuwa nimeziweka, na Maalim aliliona kosa kwa sababu tu anaujua utenzi ule tangu utotoni na hakuna mwanamke mwingine katika kisa kile. Angekuwa msomaji mwingine, tungemwachia bibi mmoja ndani ya hadithi na watu wangekaa kumtafutia nasaba.

Jana nimempelekea ukurasa uliosahihishwa. Akausoma, akaunyoosha karatasi kwa kiganja, akasema, "Ehe. Sasa amezungumza na mamake." Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza hapa.

Kuna maandishi ya pambizoni kumi na moja bado, na matatu kati yake yameandikwa mshazari, si wima wala kulala. Nitayaanza Jumamosi, mama akisharudi kutoka hospitali. Jicho la kushoto bado linamtoka machozi na dawa ya matone imebaki ya siku mbili.