Picha ya 9: mayai kwenye pantoni

Mradi wa picha 20 za Magogoni hadi Kigamboni umefika ya 9, na nimekwama kwenye maneno ya chini ya picha. Kijana yuko ndani ya pantoni na baiskeli, nyuma kafunga trei za mayai. Nimehesabu kwenye picha: 12, yaani mayai 360.

Niliandika yangu, nikaomba dada na rafiki mmoja nao waandike.

Mimi: "Trei 12 za mayai, na pantoni haijaacha kuyumba."
Dada: "Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mayai ya watu."
Rafiki: "Kashavuka mara nyingi, lakini kila safari anashusha pumzi akikanyaga nchi kavu."

Zote nilizipenda, basi Jumanne nikazipanga moja nyuma ya nyingine kama mishikaki. Nikamsomea mdogo wangu bila kumwonyesha picha. Nilipofika kwenye "kashavuka" akanikatiza: "Nani, pantoni?" Alikuwa na haki. Kwa rafiki yangu, huyo mtu alikuwa kichwani mwake. Kwangu, kitu cha mwisho kutajwa kilikuwa mikono na mayai, kwa hiyo ile "ka-" haikuwa na mwenyewe. Mayai nayo yalitajwa mara mbili, kana kwamba kuna mizigo miwili.

Jana nikabadilisha njia. Nimechukua sentensi ya dada iwe uti wa mgongo, maana ndiyo yenye picha yenyewe, halafu nikauliza kila kipande kingine kinaingilia wapi. Zile trei zangu zimeingia pale pale kwenye mkono wa pili, mayai yakabaki mara moja. Hapo "kwenye" ikaanza kusumbua: mkono kwenye trei ni kama anachomoa yai. Nikaweka "juu ya". "Ya watu" sikuigusa. Kijana mwenyewe ndivyo alivyoniambia, "haya mayai ya watu, bro," na ndiyo inayofanya ule mkono uwe na wasiwasi.

Sentensi ya rafiki nimeitoa yote, japo ndiyo tamu kuliko zote. Nilipiga picha tukiwa katikati ya maji. Akishuka sikumwona, na hizo safari nyingi hakunisimulia. Kuibakiza ni kumtungia mtu maisha.

"Na" yangu nusura niifute kwa kuona sentensi imekuwa ndefu. Nikiifuta, pantoni inakuwa habari nyingine kabisa. Ikibaki, kuyumba kunaangukia kwenye mayai. Imebaki.

Toleo la mwisho:

"Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine juu ya trei 12 za mayai ya watu, na pantoni haijaacha kuyumba."

Mdogo wangu kaisoma kwa pumzi moja, akauliza tu kama yalifika salama. Rafiki yangu yeye anauliza sentensi yake imeenda wapi. Nimemwambia namtunzia picha ya 14, yule mama aliyeshuka Kigamboni na ndoo ya samaki, maana huyo nilimwona akishusha pumzi. "Kila safari" hata hapo itabidi itoke.