Ulipokosa Mazishi: Taazia ya Aliye Mbali

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu.

Wiki hii tuitazame hadithi ya Usama bin Zayd, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Binti mmoja wa Mtume (s.a.w.) alimtumia mtu baba yake amwambie kuwa mwanawe yu katika kukata roho, tafadhali aje. Mtume hakuinuka palepale. Alimrudisha mjumbe na salamu, pamoja na maneno haya: "Hakika ni cha Allah alichokichukua, na ni chake alichokitoa, na kila kitu kwake kina muda maalumu. Basi na asubiri na atarajie malipo." Ndiyo maneno ambayo wanazuoni wanayahesabu kuwa mazuri kuliko yote ya kumpa pole mfiwa, nasi tunayasikia kila msiba. Tunachokisahau ni kwamba siku ile yalifika kwa mjumbe, na msemaji mwenyewe hakuwepo.

Hadithi haikuishia hapo. Binti akatuma tena, safari hii kwa kiapo, kwamba lazima baba aje. Mtume akaondoka na Saad bin Ubada, Muadh bin Jabal, Ubayy bin Kaab, Zayd bin Thabit na wengine. Akapewa mtoto, pumzi zinamkwaruza kifuani, na machozi yakamtoka Mtume. Saad akashangaa, akauliza ni nini hiki. Akajibiwa kuwa hii ni rehema ambayo Allah ameiweka katika nyoyo za waja wake.

Basi yule binti alikuwa na haki mbili. Alipelekewa taazia kamili isiyopungua neno, na bado alimtaka baba yake awepo. Ukiwa mbali na msiba, shika yote mawili. Salamu zako ni taazia halali, usizidharau. Na kukosekana kwako kumeonekana, usijifanye hakukuonekana. Ndiyo maana tunaomba radhi.

Nasema haya kwa sababu ya kijana mmoja wa Tanga anayeendesha gari Doha. Mume wa shangazi yake, mzee aliyemlea tangu yuko darasa la pili, alifariki usiku, akazikwa kesho yake baada ya swala ya adhuhuri. Sisi hatuchelewi kuzika. Ndege ya moja kwa moja kutoka Doha mpaka Dar ni kama saa 6, na kutoka Dar mpaka Tanga bado kuna kilomita 350 hivi za barabara. Hata angepewa ruhusa usiku uleule, angekuta watu wamesharudi kutoka makaburini. Na ruhusa yenyewe hakupewa. Kabla ya kumwandikia shangazi yake alinitumia ujumbe wake niutazame. Ameniruhusu niuweke hapa:

"Shikamoo shangazi. Nisamehe sana, wallahi sikupenda. Nilimwomba bosi ruhusa akasema mpaka mwenzangu arudi likizo, na tiketi ya siku ileile nilipoitazama ilikuwa mishahara miwili, na hata ningeipata nisingewahi kwa sababu mlizika saa saba. Tangu jana sili silali. Najiona mtoto mbaya. Naomba usinichukie."

Hakuna uongo humo hata mmoja. Lakini usome ukiwa wewe ndiye shangazi, umekaa chumbani siku ya pili ya eda, macho yamevimba. Marehemu hakutajwa. Dua haimo. Habari zote ni za bosi, tiketi na usingizi wa kijana. Unalazimika kujibu nini? "Usijali mwanangu, kazi ni kazi, hebu kula." Hapo mfiwa ndiye anayempa pole aliyekosa mazishi. Ukitaka kujua kama ujumbe wako umekwenda kombo, litazame jibu. Mfiwa akianza kukubembeleza, ujue umemtwika mzigo wako juu ya wake.

Nikamwambia kosa lako litaje mara moja, sababu iwe sentensi moja, kisha umzungumzie mzee. Akauandika upya hivi:

"Assalaam alaykum shangazi, shikamoo. Ni cha Allah alichokichukua na ni chake alichokitoa. Allah amrehemu baba, amsamehe na ampanulie kaburi lake. Nisamehe sikuwepo kumzika, kazi haikuniruhusu. Namkumbuka alivyokuwa akinisubiri nje ya madrasa na baiskeli, mvua ikinyesha ananifunika koti lake yeye analowa. Usihangaike kunijibu. Nitapiga Jumamosi baada ya isha, ukiwa umechoka nitaongea na kaka tu. Luku ya nyumba nitainunua mimi mpaka eda iishe, namba ya mita kaka ameshanipa."

Hili koti na baiskeli lina kazi yake. Mfiwa anasikia "alikuwa mtu mwema" mara mia kwa siku, na kila mmoja anaisema vilevile. Jambo moja ambalo wewe tu ulilishuhudia ni kitu kipya anachoongezewa juu ya mtu wake. Shangazi, nimeambiwa, aliomba asomewe pale pa koti mara ya pili.

Na ile luku. Wengi tunamaliza kwa "mkihitaji chochote semeni", tukaona tumetoa. Huko ni kumwachia mfiwa kazi ya kuomba. Ilipofika habari ya kufa kwa Jaafar bin Abi Talib, Mtume (s.a.w.) alisema: "Watengenezeeni chakula watu wa Jaafar, kwani yamewafikia ya kuwashughulisha." Hakusema waulizwe wanataka nini. Aliye mbali hawezi kupika, hawezi kubeba jeneza wala kufukia mchanga, lakini anaweza kuchagua kitu kimoja chenye jina na mwisho wake, iwe umeme wa miezi minne, ada ya muhula mmoja au dawa za presha za mama. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi kama ilivyo katika Suratul Baqara aya ya 234. Ubani wa siku ya kwanza huwa umekwisha zamani, na watu wametawanyika, naye bado yumo ndani.

Wapo wanaodanganya. Mtu alibaki kazini kwa hiari yake, kisha anaandika "nilikuwa nimelazwa". Mji wetu mdogo, na simu zina picha. Kama ulibaki kazini sema kazi. Hulazimiki kueleza zaidi, ila usiongeze lisilokuwepo kwenye jambo ambalo tayari ni zito. Na hizi picha za mishumaa na maua zinazotumwa bila neno lolote, mimi binafsi naona bora mtu akae kimya mpaka apate la kusema.

Kuna huzuni nyingine ambayo ni ya kwako peke yako. Mtume (s.a.w.) amesema anayehudhuria jeneza mpaka likaswaliwa ana qirati moja, na anayebaki mpaka likazikwa ana qirati mbili, mfano wa milima miwili mikubwa. Ibn Umar alipoisikia hadithi hii kwa Abu Huraira alitaka kuhakikisha, na Bi Aisha alipoithibitisha alisikitika akasema tumepoteza qirati nyingi. Kijana wa Doha naye amepoteza zake. Ana haki ya kusikitika kama Ibn Umar, lakini masikitiko hayo ayapeleke kwenye mswala wake. Shangazi hakuzichukua yeye.

Na swala ya jeneza haijampita yote. Mtume aliposikia Najashi amefariki Habasha, aliwapanga masahaba safu akamswalia kwa takbira nne, na maiti hayupo mbele yao. Sisi wa madhehebu ya Shafii tunashika hapo. Aliye mji mwingine anamswalia maiti ghaibu, hata peke yake. Anasoma Fatiha baada ya takbira ya kwanza, anamswalia Mtume baada ya pili, anamwombea marehemu baada ya tatu, anaomba dua fupi baada ya nne kisha anatoa salamu. Haina rukuu wala sijda. Ndugu zetu wa Hanafi na Maliki hawaioni hivyo, kwa hiyo usigombane na imamu wa huko uliko. Swali chumbani kwako.

Sasa muda. Utasikia taazia ni siku tatu, na baada yake ni makuruhu. Kweli, Imam Nawawi amelitaja, na sababu aliyoitoa ni nzuri. Taazia ni ya kuutuliza moyo wa mfiwa, na aghalabu moyo huwa umetulia baada ya siku tatu, basi usimfufulie huzuni. Lakini palepale ametoa nafasi. Ikiwa mwenye kutoa pole hakuwepo wakati wa maziko, au mfiwa mwenyewe ndiye hakuwepo, akarudi baada ya zile tatu, hapo makuruhu hayapo. Mlango huo umeachwa kwa ajili ya watu kama kijana wetu. Mtu asikuambie umeshachelewa, acha tu.

Ila shika ile sababu unapoingia. Ukirudi likizo, nenda kwa mfiwa kabla hujafungua masanduku, maana ukitanguliza vitenge na manukato ya Doha utaonekana unalipia kitu. Usimwambie akusimulie ugonjwa ulivyoanza na saa ya mwisho ilivyokuwa. Ameshasimulia mpaka amechoka. Akianza mwenyewe, msikilize mpaka amalize.

Na anaweza kukuambia, "Tulikutafuta kwa macho siku ile." Hapo ndipo watu wengi wanapoharibu, wanairudia tiketi na bosi upya. Binti wa Mtume alimwapia baba yake aje, na baba hakujitetea kwamba salamu alishazituma. Alikwenda. Jibu la shangazi ni, "Kweli shangazi, sikuwepo, nisamehe." Kisha ukae, hata kama hamna mazungumzo.

Makaburini nenda na watoto wa marehemu kama wanataka. Mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume alifariki, masahaba wakalidogosha jambo lake wasimwambie. Mtume alipomuulizia akajua, alisema, "Mbona hamkunijulisha? Nionyesheni kaburi lake," akenda akamswalia hapo. Kama hukuswali ghaibu, swali kaburini. Kama uliswali, hakuna haja ya kurudia, toa salamu kwa watu wa makaburi umwombee dua.

Kabla hujarudi safari, mwite mkubwa wa wale watoto pembeni umuulize baba yao ameacha deni kwa nani. Nafsi ya muumini hufungika kwa deni lake mpaka lilipwe, na wakati wa msiba mara nyingi wenye kudai huona haya kusema. Kama ni dogo, limalize kabla ya likizo kwisha. Kama ni kubwa, chukua sehemu unayoiweza na umwambie mdai mwenyewe ni mwezi gani utaanza.