Kumbukumbu ya mradi: kuitambua MikroTik ya mtumba kwa picha ya poti zake

Lengo la hatua hii ni moja: nikitumiwa picha ya ruta ya MikroTik ya mtumba kwenye WhatsApp, niseme ni modeli gani kabla sijatoa hela. Mtandao wa vocha ninaoujenga mtaani kwetu Mwanza unahitaji hEX yenye alama RB750Gr3. Nimeichagua kwa sababu ina poti tano za gigabiti, RAM ya MB 256 na nafasi ya kadi ya microSD. Nafasi yake ya ndani ya kuhifadhi data ni MB 16 tu, kwa hiyo hifadhidata ya User Manager, programu ya MikroTik ya kusimamia vocha, nataka ikae kwenye kadi.

Shida ni kwamba MikroTik wametumia umbo lilelile la boksi kwa ruta nyingi ndogo. hEX, hEX lite, hAP na hAP ac lite zote zina milimita 113 kwa 89 kwa 28. Nilianza kwa kupima boksi kwenye picha, nikitumia upana wa tundu la RJ45 kama rula, kwa kuwa kichwa cha kebo kina takriban milimita 11.7 popote duniani. Vipimo vilitoka vizuri, ila havikutenganisha chochote. Njia hiyo bado inafaa kujua kama boksi ni la familia hii au ni kubwa zaidi, basi.

Kukosekana kwa antena nako hakusaidii. Watu wengi wakiona boksi jeupe lisilo na antena wanaliita hEX, lakini hAP na hAP ac lite zina antena za Wi-Fi ndani. Zote mbili zina poti tano na zote ni za megabiti 100. Kwa hiyo sasa picha ya upande wa poti naisoma kwa maandishi, umbo naliacha.

Kwanza naangalia idadi ya poti na jinsi umeme unavyoingia. Poti nne na tundu dogo la micro-USB la umeme ni hAP lite, na hapo naishia. Zikiwa tano na tundu la adapta ni la duara, naendelea.

Kinachofuata ndicho chenye faida kubwa kuliko vyote: maneno ya PoE. Poti ya kwanza kwenye familia hii hupokea umeme kupitia kebo, hivyo "PoE in" hapo haitofautishi kitu. Ninachotafuta ni "PoE out", yaani poti inayotoa umeme kwenda kwenye kifaa kingine. Ikiwa kwenye poti ya tano peke yake, na hakuna tundu la SFP la kuunganishia fiber, nafikiria hAP au hAP ac lite. Nikiona pia WPS imeandikwa kwenye kitufe cha reset, sina shaka tena kwamba kuna redio ya Wi-Fi ndani. Kukiwa na tundu la SFP na "PoE out" kwenye poti ya tano, hiyo ni hEX S. Ikiwa poti ya pili hadi ya tano zote zinatoa umeme na SFP haipo, ni hEX PoE lite, ambayo nayo ni ya megabiti 100.

Pasipokuwa na "PoE out" popote, ndipo nafika kwenye kundi ninalolitaka, na hapo picha ya poti peke yake haitoshi. Nahitaji kuona pande zote nne za boksi na chini yake. Bila USB kabisa ni hEX lite, RB750r2. USB pamoja na kitundu cha microSD ni RB750Gr3. USB bila microSD inaweza kuwa RB750Gr2 ya zamani au E50UG iliyotoka 2024, na hizo mbili sithubutu kuzitenganisha bila lebo ya chini.

Wiki hii njia hiyo imepata mtihani wa kweli. Muuzaji aliweka tangazo la "hEX gigabit, safi kabisa", na picha moja ya upande wa poti. Nilihesabu poti tano, tundu la adapta la duara, "PoE in" kwenye ya kwanza, na hapakuwa na "PoE out". Mpaka hapo maneno yake yangeweza kuwa kweli. Nikamwandikia:

"Habari kaka. Naomba unipigie picha za ubavuni kote kote, nyuma na chini penye lebo. Usitumie flashi, na unitumie kama dokumenti isipungue ubora."

"Sawa boss, nipe dakika."

Hilo la dokumenti ni muhimu kuliko linavyosikika. WhatsApp ikituma kama picha ya kawaida huibana, na herufi ndogo zinazotofautisha "in" na "out" hugeuka ukungu. Flashi nayo hurudi kutoka kwenye plastiki nyeupe inayong'aa na kufuta maandishi yale yale ninayoyatafuta. Mwanga wa dirishani unaotoka upande mmoja unatosha, simu ikiwa usawa wa poti.

Picha zikaja. Hakuna USB upande wowote, hakuna kitundu cha kadi. Hiyo ni hEX lite: poti za megabiti 100, RAM ya MB 64. Lebo ya chini ilikuwa imekwanguka, hivyo nilimwomba kitu kimoja zaidi. Achomeke ruta kwenye kompyuta, afungue Winbox, programu ya kusimamia ruta za MikroTik, aende kwenye Neighbors, kisha anitumie picha ya skrini. Orodha ile huonyesha safu ya Board bila kuhitaji nenosiri. Ikasoma RB750r2.

Simwiti tapeli. Aliipata kwa mtu aliyeiita hEX tu, na maboksi yenyewe yanafanana. Nimemwachia, ingawa kwa mwenye laini ya intaneti ya megabiti 20 au 30 poti hizo hazingekuwa kikwazo. Kilichonikataza mimi ni RAM na kadi.

Kifaa kikishafika mkononi, nahakikisha kwa amri hizi, maana bodi ya ndani inaweza kuwa imehamishiwa kwenye boksi la modeli nyingine:

```
/system routerboard print
/system resource print
/interface ethernet monitor ether2 once
```

Ya kwanza hutoa modeli. Ya pili huonyesha aina ya prosesa: RB750Gr3 husoma mmips, wakati hEX lite husoma mipsbe, na hilo ndilo linaloamua faili gani la mfumo wa RouterOS nipakue. Ya tatu huonyesha kasi ya poti. Hapo sikimbilii kulaumu ruta nikiona 100Mbps. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya, na kebo yenye jozi moja iliyokatika huweza kushusha poti nzima hadi megabiti 100. Nabadilisha kebo kwanza, na kuhakikisha upande wa pili nao ni wa gigabiti.

Kinachobaki ni hEX zenye USB bila microSD. Nakusanya picha za RB750Gr2 na E50UG zilizopigwa upande wa poti, lebo ikiwa inasomeka, nione kama kuna maandishi yanayozitofautisha. Mwenye moja kati ya hizo naomba anitumie picha, kama dokumenti, huku serial namba na anwani ya MAC amezifunika.