Silabi moja ya Kifilipino iliyomnyima bibi maji usiku

Wodi yetu ni ya wagonjwa wa kulala muda mrefu, hapa Maskati. Wagonjwa wengi ni wazee wa Kiomani, wauguzi tunatoka Kenya, India na Ufilipino, na wahudumu wanaowaogesha, kuwageuza na kuwanywesha wagonjwa karibu wote ni Wafilipino. Kumbukumbu rasmi zinaandikwa kwa Kiingereza. Wauguzi wa Kifilipino Kiingereza hakiwasumbui, kwa sababu uuguzi kwao unafundishwa kwa lugha hiyo. Wahudumu ndio waliokuwa wakibahatisha. Mimi nilikuwa nimeokota Kifilipino kwa miaka mitatu ya kukaa nao, wananiita Ate, yaani dada mkubwa, basi nikapewa kazi ya kuandaa karatasi ya Kifilipino ya kufuatana na mpango wa uuguzi na makabidhiano ya zamu.

Nilianza vibaya, kwa kutafsiri kila kitu. Mpango wa uuguzi hufunguliwa na utambuzi wa kiuuguzi, kwa mfano kwamba mgonjwa yumo hatarini kupata kidonda cha kulalia. Nilihangaika na sentensi hiyo jioni nzima, na ilipokamilika haikumwambia mhudumu afanye nini. Siku hizi naiacha kwenye faili, naandika kazi yenyewe: “Itagilid kada 2 oras: kaliwa, tihaya, kanan.” Mlaze ubavu kila baada ya saa 2: kushoto, chali, kulia. Chini yake: “Iangat, huwag hilahin,” mwinue, usimburute, maana kuburutwa kwenye shuka ndiko kunakochuna ngozi ya mzee. Mwanzoni niliandika pia waangalie wekundu. Kwa mgonjwa mwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo nikaongeza waguse kwa mkono: pakiwa na joto au pagumu kuliko pembeni yake, waniite.

Maneno ya kitabibu hayakunipa taabu kubwa. Dripu wanaiita suwero, shinikizo la damu presyon, na vipimo naviacha kwa tarakimu. Taabu ilikuwa kwenye vitenzi.

Kitenzi cha Kifilipino hakisemi jana au kesho kama tulivyozoea. Kinasema kama jambo limekwisha, linaendelea, au bado halijaanza. Kumnywesha mtu ni “painumin”, na umbo hilohilo ndilo la kuagiza: mnyweshe. “Pinainom” ni kwamba amekwisha kunyweshwa. “Pinaiinom” ananyweshwa sasa. “Paiinumin” atanyweshwa. Tazama hayo mawili ya katikati: yanatofautiana kwa “i” moja. Hali ni hiyo kwa homa, “nilagnat” alipata homa na ikapita, “nilalagnat” anayo homa sasa hivi. Sisi tuna -me-, -na- na -ta- zinazosikika wazi katikati ya neno. Wao wanarudia silabi, na kwenye mwandiko wa mtu aliyechoka saa moja jioni silabi hiyo inamezwa.

Kosa langu lilimwangukia bibi mmoja mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri. Ni Mwomani aliyelelewa Unguja, na mimi na yeye tunaongea Kiswahili. Daktari alimwekea kikomo cha maji: mililita 1,000 kwa saa 24, kuanzia saa moja asubuhi. Nilipokuwa nakabidhi saa moja jioni alikuwa amekunywa 600. Zikabaki 400, nami nikapanga 200 saa tatu usiku na 200 nyingine kidogokidogo hadi asubuhi. Kwenye karatasi nikaandika “21:00, pinainom ng 200 ml.” Kichwani mwangu nilikuwa naagiza anyweshwe. Nilichokiandika ni kwamba amekwisha kunyweshwa.

Mhudumu alikuwa chumba kingine akisaidia kumbadilisha mgonjwa. Aliporudi saa nne na nusu usiku akaisoma karatasi kama ilivyo, akaamini mwenzake amekwisha kumpa. Akagawa zile 200 za usiku tu. Asubuhi naingia, bibi midomo imemkauka.

“Mwanangu, jana usiku nimeomba maji, naambiwa nimekwisha kunywa. Nimekunywa wapi?”

Nikaichukua fomu ya maji yanayoingia na kutoka. Jumla ilikuwa 800. Nikaiweka kando ya karatasi yangu na hesabu ikajieleza yenyewe. Nilimpa pole, nikamweleza kwamba kosa ni langu, si la yule binti wa usiku, kisha nikamwarifu daktari na kujaza ripoti ya tukio. Hakudhurika. Lakini maagizo ya mgonjwa mwingine yangeweza kuwa ya chakula cha mwenye kisukari aliyekwisha kuchomwa insulini, na hilo lilinikosesha usingizi usiku ule.

Nikaigawa karatasi upande kwa upande. Kushoto kichwa ni TAPOS NA, yaani imekwisha. Kulia ni GAGAWIN PA, bado itafanywa. Upande wa kulia naruhusu umbo la kuagiza peke yake, na saa inatangulia: “21:00, painumin ng 200 ml na tubig.” Kikifanyika, mhudumu hageuzi kitenzi, anaandika upande wa kushoto kiasi, saa na saini yake. Hata silabi ikimezwa, mahali neno lilipokaa panasema kama jambo limekwisha au la. Na pale ninapotaka kusisitiza kwamba halijafanyika naandika “hindi pa”, ambayo inafanya kazi ya -ja- yetu katika “hajanywa”.

Saa ni za mtindo wa 24 tu. Kwa Kifilipino saa tatu usiku ni alas-nuwebe, tisa, wanahesabu kwa namba za Kihispania. Mswahili anayefikiri saa tatu huku anaandika Kifilipino ataponyokwa na alas-tres, na hiyo ni saa tisa yetu. 21:00 haina ubishi.

Jambo jingine sikulitarajia. Kifilipino, lugha ya taifa kwa katiba yao ya 1987, kimejengwa juu ya Kitagalogi, lakini wahudumu wetu kadhaa wanatoka Sebu na nyumbani wanaongea Kisebuano. Mmoja wao aliandika kwamba mzee wa kitanda cha 6 usiku “nalibog”. Kwao ni kuchanganyikiwa. Kwa Mtagalogi “libog” ni ashiki, na muuguzi wa zamu iliyofuata alikuwa tayari anapanga kumhamisha mhudumu wa kike kutoka chumba kile. Mzee alikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo yanayomvuruga akili, dalili ya kushughulikiwa mapema. Tangu hapo tunaandika “nalilito”, wote wanalielewa, na chini ya karatasi kuna mstari wa maneno tuliyokubaliana.

Kabla karatasi mpya haijatumika, namtafuta Mfilipino ambaye hajauona mpango wa Kiingereza. Simwulizi kama imeandikwa vizuri, maana kwa heshima atasema ndiyo. Namwomba aniambie kwa maneno yake atafanya nini saa 21:00 kwa kitanda cha 4. Akisema “Tapos na, Ate,” nimekosea, naandika upya.

Jina la mgonjwa haliandikwi, ni namba ya kitanda tu, na mwenye neno la mwisho ni mpango wa Kiingereza uliosainiwa. Saa mbili asubuhi, vipimo vikiisha kuhamishiwa kwenye fomu rasmi, karatasi ya usiku inaingia kwenye mashine ya kukatakata na ya mchana inabandikwa.