Makosa ya kibinadamu hayana hesabu

"Makosa ya kibinadamu hayana hesabu, Mwalimu." Kijana mmoja wa maabara yetu ya elektroniki alinijibu hivyo Jumanne nilipomhoji kuhusu ripoti yake, kwa adabu zake zote, na mpaka leo maneno yenyewe hayajanishuka. Harusi ya binti wa kaka imepita salama, maji yamerudi mtaani, wageni wa Lamu wamekuja na wameondoka, na mimi bado niko na sentensi moja.

Mnaijua amplifaya yetu ya emita ya pamoja, ile ya kila muhula: transista moja ya BC547, volti 12, rezista za besi kilo-omu 47 na 10, kolekta kilo-omu 4.7, emita kilo-omu 1 yenye kapasita ya kuipita, na mzigo wa kilo-omu 10. Hitimisho la ripoti yake lilikuwa fupi. Gaini, yaani ishara imekuzwa mara ngapi, ilikuwa 163 kwenye LTspice, programu yetu ya simulesheni, na iliyopimwa 120, "tofauti imetokana na makosa ya kibinadamu, tolransi ya rezista na joto la maabara". Basi. Asilimia 26 imepotea, na waliotajwa ni washukiwa watatu ambao hakuna hata mmoja aliyehojiwa.

Tuanze na joto, maana hapa Malindi kila mtu hulisingizia. LTspice isipoambiwa kitu huchukulia nyuzi 27. Chumba chetu mchana kilikuwa 32. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye sakiti:

```
.temp 32
```

Ukiendesha tena, gaini inashuka kwa kama asilimia 1. Joto linapandisha volti ya joto ya transista, jambo linaloteremsha gaini, lakini papo hapo linapunguza volti ya besi na emita, mkondo unaongezeka kidogo na kurudisha sehemu ya kilichopotea. Kwa hiyo joto limo, ila ni mdaiwa wa senti.

Rezista ndizo zinazodanganya watu wengi, kwa sababu kisingizio chenyewe si cha kipuuzi. Rezista za asilimia 5 kwenye kigawanyo cha besi, moja ikizidi na nyingine ikipungua, zinaweza kusogeza mkondo wa emita kwa zaidi ya asilimia 10. Na mkondo ndio unaoamua omu za ndani za emita, `re`, ambazo ni milivolti 26 kugawanya kwa mkondo huo. Lakini jambo hili halihitaji kukisiwa. Ondoa ishara, weka mita kwenye emita, soma. Yeye mwenyewe alikuwa amesoma! Ukurasa wa pili wa ripoti: emita volti 1.38, kolekta volti 5.5. Simulesheni: 1.41 na 5.4. Mkondo umetofautiana kwa asilimia 2 tu, basi `re` nayo ni ile ile, kama omu 18 na kitu. Rezista zimeachiwa huru na jedwali lake mwenyewe, na hitimisho halikulitazama jedwali.

Nikamuuliza, hayo makosa ya kibinadamu ni yapi? Ndipo likatoka lile jibu.

Yana hesabu, mwanangu. Ukisahau swichi ya probu kwenye mara 10 huku osiloskopu ikidhani ni mara 1, gaini inakosea mara kumi kamili, si robo. Ukiikosea kwenye chaneli zote mbili, kosa linajifuta. Ukisoma milivolti 10 za kuingia kwa kipimo cha kilele hadi kilele bila kuwasha wastani, osiloskopu ya kidijitali inahesabu na kelele. 10 inasomeka 12, na gaini inaonekana ndogo kwa asilimia 17. Hilo lingekuwa kosa la kuandikwa kwenye ripoti, lenye jina na kiasi. Lakini yeye alikuwa amewasha wastani. Nililiona wimbi lake, jembamba, safi.

Kilichobaki ni kapasita ya emita. Kwenye LTspice ilikuwa mikrofaradi 100. Kwenye bredibodi ilikuwa 10. Nilipomwonyesha alishangaa kwa dhati: "Lakini kapasita si inapitisha AC yote?"

Hapo hasira zikanitoka. Hakuwa mvivu, alikuwa ameamini sentensi tunayoisema ubaoni kila mwaka, kwamba kwa AC kapasita ni waya. Ni waya ukilinganisha na nini? Wengi huilinganisha na rezista ya emita, omu 1,000, na kwa hesabu hiyo mikrofaradi 10 inatosha na kubaki. Lakini kapasita ikishaipita rezista, inayobaki njiani ni `re` peke yake. Kwa ishara yetu ya hezi 1,000, ukinzani wa kapasita, `Xc`, unashindana na omu 18, si na elfu.

```
Xc  = 1/(2·π·1000·10µ) = 15.9 Ω
Z   = √(18.3² + 15.9²) = 24.2 Ω
Av  = 163 × 18.3/24.2 ≈ 123
```

`re` na `Xc` hazijumlishwi moja kwa moja kwa sababu zimepishana nyuzi 90, ndiyo maana ya kipeo cha pili. Kutoka 123 hadi 120 ni asilimia 2 na nusu, na hiyo sasa waachiwe rezista, joto na kapasita yenyewe, maana za elektroliti huruhusiwa kukosea hata asilimia 20.

Bado hiyo ni hesabu ya karatasi, na karatasi huvumilia lolote. Nilimwambia apandishe jenereta kutoka hezi 1,000 hadi 10,000 bila kugusa kitu kingine. Gaini ikapanda hadi 158. Rezista haijui masafa, joto halijui masafa. Kinachobadilika namna hiyo ni kapasita tu. Kisha tukarudi hezi 1,000 na kuziweka chaneli mbili juu ya skrini: wimbi la kutoka lilitakiwa liwe kichwa chini kamili, na halikuwa. Lilikuwa limetangulia kwa zaidi kidogo ya nusu kisanduku, kisanduku kikiwa milisekunde 0.2. Ni kama nyuzi 40, zile zile zinazotoka ukigawanya 15.9 kwa 18.3 na kutafuta pembe yake. Ushahidi ulikuwa kwenye skrini tangu mwanzo, ila yeye alikuwa anasoma kimo cha wimbi tu.

Alikaa kimya akizungusha kitufe cha masafa juu na chini, juu na chini, mpaka wenzake wakafunga mikoba. Leo ameleta hitimisho jipya, na nalinakili hapa kwa sababu limenifurahisha: "Gaini iliyopimwa (120) ni pungufu ya simulesheni (163) kwa 26%. Volti za DC zinalingana ndani ya 2%, kwa hiyo mkondo si chanzo. Kapasita ya emita iliyotumika ni 10 µF badala ya 100 µF. Kwa 1 kHz inateremsha gaini hadi 123. Kwa 10 kHz gaini ilipimwa 158. Salio la 2.5% liko ndani ya tolransi ya vipuri." Ningependa angetaja na ile pembe. Nimempa alama zake hata hivyo.