Punguzo la kodi lililonilaza ofisini

Kampuni yetu inauza vifaa vya ujenzi Dar es Salaam, na jengo la duka tumelipanga. Mkataba ulianza tarehe 1 Januari 2021, wa miaka mitano, kodi milioni 24 kwa mwaka, tunailipa yote kila tarehe 1 Januari. Mwishoni mwa 2022 biashara ilikuwa imelegea, bosi akamfuata mzee mwenye jengo. Mzee akakubali kushusha kodi hadi milioni 18, ila kwa sharti: tuongeze mwaka mmoja, mkataba uishie mwisho wa 2026. Nyongeza ya mkataba ikasainiwa tarehe 31 Desemba 2022.

Mimi nikaona kazi ni nyepesi. Wakati wa UVIKO-19 tuliwahi kusamehewa kodi ya miezi miwili, na punguzo lile nililipeleka moja kwa moja kwenye mapato. Nikataka kurudia vilevile: deni la pango, yaani thamani ya leo ya kodi iliyobaki kulipwa, libaki lilivyo vitabuni, na milioni 6 za kila mwaka ziingie kwenye faida. Mkaguzi alipofungua faili akacheka kidogo. "Kaka, ile ruhusa ilikwisha." Kweli, nafuu ile ya IFRS 16, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa pango, ilihusu kodi iliyotakiwa kulipwa kabla au ifikapo tarehe 30 Juni 2022, tena kwa sababu ya janga tu. Hili letu ni badiliko la mkataba, kwa hiyo deni lilitakiwa kupimwa upya siku ile ile tuliyosaini.

Kupima upya maana yake ni kuchukua malipo yaliyobaki kwa masharti mapya na kutafuta thamani yake ya leo, kwa kiwango cha riba cha leo. Hapo kwenye riba ndipo wengi tunapoteleza. Mwanzo wa mkataba tulitumia asilimia 14, kwa kuwa ndiyo benki ingetukopesha kununua mali ya aina hiyo. Kufikia Desemba 2022 benki yetu ilitutajia 17, na nikaomba waniandikie barua. Asilimia 14 ingeacha deni likiwa kubwa kwa takriban milioni 2 kuliko linavyostahili. Lakini angalia: kama kodi ingebadilika kwa sababu tu mkataba wenyewe unaifunga na mfumuko wa bei, ningebaki na kiwango cha zamani.

Nikaingia Excel, nikaandika kwa milioni:

```
=NPV(17%,18,18,18,18)
```

Ikanipa 49.38. Nikaandaa jedwali la miaka yote, toa malipo, ongeza riba, na baada ya malipo ya mwisho ya Januari 2026 deni likasomeka hasi milioni 13.4. Deni haliwezi kuishia hivyo; lazima lifike sifuri. Nilikaa nalo mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nalala ofisini. Kosa lilikuwa kwamba fomula hiyo huchukulia malipo ya kwanza yanakuja baada ya mwaka mzima, ilhali sisi tunalipa kesho yake asubuhi. Malipo ya kwanza hayapunguzwi kwa riba:

```
=18+NPV(17%,18,18,18)
```

Jibu 57.77. Nikashusha jedwali tena, mstari wa mwisho ukatoa sifuri. Tangu siku hiyo sipeleki hesabu ya pango kwa mkaguzi kabla sijauona mstari huo.

Deni la zamani siku hiyo lilikuwa 63.52, kwa hiyo limepungua kwa milioni 5.75. Nikadebiti deni la pango, nikakrediti haki ya kutumia jengo, ambayo vitabuni ni mali yetu, kwa kiasi hicho hicho. Hakuna hata shilingi iliyokwenda kwenye faida, na bosi hakufurahi. Haki hiyo ilikuwa na thamani ya 56.36 vitabuni, ikashuka hadi 50.61, na uchakavu sasa unagawanywa kwa miaka minne iliyobaki badala ya mitatu: milioni 12.65 kwa mwaka, kutoka 18.79. Nikamwambia nafuu yake ipo, ila inaingia pole pole kupitia huo uchakavu uliopungua.

Bosi akauliza, je, tungekubaliana kufupisha mkataba badala ya kuurefusha? Hapo hesabu ingekuwa nyingine. Ukirudisha sehemu ya muda umeachia sehemu ya haki yako, kwa hiyo unaondoa fungu la haki na fungu la deni linalolingana na muda ulioachwa, na tofauti kati ya mafungu hayo mawili ndiyo inayokwenda kwenye faida au hasara. Mzee hakutaka kusikia habari ya kufupisha, basi sikulazimika kuifanya.

Mkaguzi alirudi kuomba kitu kimoja tu: ile barua ya benki yenye asilimia 17, na tarehe yake.