"Tutaonana sana"

Leo ni siku ya nne tangu nipimwe mimba yangu ya mapacha, na bado namsikia yule dada wa ultrasaundi aliyeniambia wana kondo moja. Nilimuuliza, "Kwani kondo likiwa moja kuna tofauti gani?" Naye, bila kuondoa macho kwenye skrini, akajibu: "Tofauti ni kwamba tutaonana sana, mama."

Tutaonana sana. Alikuwa akitania? Alikuwa akinionya? Nimelirudia nikiosha vyombo, nimelirudia kitandani mpaka Baba Nuru akageukia ukutani.

Turudi kwenye kipimo cha wiki ya 7. Mfuko wa mimba mmoja, mioyo miwili, na mimi nikarudi nyumbani nalia kwa kuwa niliambiwa "hatuoni utando" wa kuwatenganisha. Nikajua basi, wanaelea pamoja kwenye maji yale yale, vitovu vitafungana. Kumbe utando wa ndani ni mwembamba mno, na mapema hivyo mara nyingi hauonekani. Laiti mtu angeniambia siku ile.

Safari hii nilikuwa wiki 12 na siku 4, na utando ulikuwepo. Uzi mweupe, mwembamba kama wa buibui, ukitikisika kila pacha wa kushoto aliporusha mguu. Kwa hiyo mifuko ya maji ni miwili, kila mtu na chumba chake. Nikashusha pumzi. Yule dada akazidi kukandamiza kile kifaa tumboni, akitafuta mahali uzi unapokutana na kondo, akakuza picha. "Unaona unavyoingia? Umesimama wima, kama herufi T." Angekuta makondo mawili, alisema, nyama ya kondo ingepanda katikati ya tando, na pale chini pangenenepa mfano wa ncha ya hema. Hapakuwa na hema. Akapiga picha tatu za ile T, akasema lazima zikae kwenye faili, maana alama hizi husomeka vizuri kabla ya wiki ya 14. Baadaye ile hema yenyewe yaweza kufifia, na makondo mawili yaliyobanana ukutani yakaonekana kama moja.

Wifi alipopata habari alipiga kigelegele kwenye simu: "Basi wanafanana!" Kweli, kondo moja ni yai moja lililogawanyika. (Ila msigeuze: wenye makondo mawili nao wanaweza kufanana, yai likiwahi kugawanyika siku za mwanzo kabisa.) Akamaliza na "mapacha ni mapacha tu, shemeji yangu alipimwa kila mwezi na wametoka salama." Nikaanza tena. Wa shemeji yake kila mwezi, mimi kila wiki mbili kuanzia wiki ya 16. Nina nini mimi?

Jana nilirudi kwa daktari na swali hilo hilo. Akachukua karatasi, akachora kondo kama chapati, vitovu viwili, halafu mistari juu yake kutoka kimoja hadi kingine. Mishipa. Kwenye kondo moja damu ya watoto huonana, kwa kawaida nipe nikupe, haina neno. Lakini kwa wastani wa mimba 10 hadi 15 katika kila 100 za namna hii, mmoja huishia kutoa tu na mwenzake kupokea tu. Na hawaanzi kwa kupima damu, wanapima maji. Mtoaji anapungukiwa, anakojoa kidogo, maji yake yanashuka chini ya sentimita 2 pale penye kina kirefu. Mpokeaji anakojoa mno, yake yanapita 8. Hali hiyo inaweza kuja ndani ya siku chache, ndiyo maana mwezi ni mrefu mno. Ikikamatwa mapema, kuna hospitali zinazoingiza kamera nyembamba na kuifunga ile mishipa kwa leza. Tumbo likijaa ghafla au pumzi ikibana, nisingoje miadi.

Nilidhani nitatoka nikitetemeka. Badala yake nilicheka pale pale, daktari akashangaa. Yule dada hakutania wala hakunionya. Alikuwa anahesabu! Kuanzia wiki ya 16 mpaka ya 36, ambapo wamesema watatolewa wakifika salama, ni vipimo 10 au 11. Tutaonana sana kweli, dada yangu. Nitamuuliza jina lake.

Karatasi ya daktari nimeibandika kwenye friji. Nuru ameitazama akauliza nani kachora miwani.

Na huyo Nuru, jino lake la mbele limeng'oka wiki ya tano hii na jipya halijachungulia. Nimepapasa ufizi usiku huu akiwa amelala. Hakuna kitu. Ni kawaida hii?